Barua kwa mwanangu: usianze na swali zima

Moshi, Jumanne

Mwanangu Upendo,

Hujambo mama. Sisi huku wazima, na bibi yako anaendelea vizuri na dawa zake za presha. Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu ulikuwa unalia na mimi nikawa nakubembeleza, tukakata bila kuzungumza la maana. Barua utaisoma ukiwa umetulia, tena utairudia.

Sapu, huo mtihani wa kurudia, haijanitisha. Kilichonitisha ni kauli yako kwamba kichwa chako hakina nafasi ya hesabu za dripu, kwa hiyo utakesha ukikariri maswali ya miaka iliyopita mpaka siku ya mtihani. Upendo, usifanye hivyo. Ukikariri majibu utafaulu karatasi, halafu utapelekwa wodi ya watoto, na mtoto atakayelazwa pale hatakuwa na uzito ule uliokariri.

Nilikupima kwenye simu bila kukwambia. Nilikuuliza saa 5 ni dakika ngapi, ukasema 300 kabla sijamaliza. Nikakuuliza 70 mara 6, ukasema 420. Nikakuuliza seti ya kawaida ya dripu inatoa matone mangapi kwa mililita moja, ukasema 20. Halafu nikakusomea swali zima kwa mkupuo, ukanyamaza, ukaniomba nirudie, ukaniomba tena. Mwanafunzi asiyejua hukwama hata ukimuuliza kipande kimoja kimoja. Wewe vipande vyote unavyo, ila vikija pamoja vinakulemea. Hayo ni matatizo mawili tofauti na kila moja lina dawa yake. Usijitibu ugonjwa usiokuwa wako.

Tulipofundishwa kusimamia wanafunzi wodini tulielezwa jambo hili vizuri. Akili ina sehemu ndogo ya kufanyia kazi, ambayo hushika mambo machache kwa muda mfupi wakati unafikiri. Mwaka 1956 mwanasaikolojia George Miller aliandika kwamba inashika vitu kama 7. Mwaka 2001 Nelson Cowan akaonyesha kwamba, usipokuwa na njia ya kuviunganisha, ni kama 4 tu. Hivyo ndivyo ilivyo kwa watu wote, wenye akili nyingi na wengineo. Anayeonekana mwepesi ni yule ambaye mambo mengi ameshayazoea, hivyo kwake hatua tatu zimekuwa kitu kimoja. Naye John Sweller wa Australia, mwaka 1988, alieleza kwamba mtu anayehangaika na swali zima, akiangalia anakotaka kufika na kutafuta njia kwa kubahatisha, anaweza hata kulipata jibu na asijifunze chochote, kwa sababu nafasi yote imeliwa na kuhangaika. Ndiyo maana umefanya maswali mengi hivyo na bado kila jipya linakuja kama mgeni.

Sasa tulichukue lile swali. Mtoto wa miezi 5, kilo 6, ana upungufu mkali wa maji mwilini kwa kuharisha. Atapewa maji ya dripu ya Ringa lakteti kwa mpango wa Shirika la Afya Duniani, ule mnaouita Mpango C. Seti ni ya matone 20. Utaweka matone mangapi kwa dakika?

Hesabu ni mambo mangapi unayabeba ukilisoma kwa mara moja: umri, uzito, mililita kwa kilo, awamu mbili, muda wa kila awamu, kugeuza saa kuwa dakika, na aina ya seti. Tena yanategemeana. Umri ndio unaoamua muda, muda ndio unaoamua matone. Huwezi kuyapunguza, ila unaweza kuyatoa kichwani ukayaweka kwenye karatasi, ukashughulika na moja tu kwa wakati wake. Funika swali kwa mkono baada ya kila hatua ukipenda, mimi nilikuwa nawafunikia wanafunzi wangu kwa kadi.

Hatua ya kwanza ni umri peke yake. Yuko chini ya miezi 12, kwa hiyo mililita 30 kwa kilo ziingie kwa saa 1, kisha mililita 70 kwa kilo kwa saa 5. Andika hivyo, usikokotoe kitu.

Ya pili ni uzito.

30 × 6 = 180 ml
70 × 6 = 420 ml

Ya tatu ni muda. Saa 1 ni dakika 60, saa 5 ni dakika 300. Andika kila moja pembeni ya mililita zake, palepale, isiwe ukurasa mwingine wala kona nyingine ya karatasi. Macho yakianza kwenda na kurudi kutafuta namba, ile nafasi ndogo inatumika kwa safari badala ya kazi.

Ya nne ndiyo seti inaingia.

180 × 20 ÷ 60 = matone 60 kwa dakika
420 × 20 ÷ 300 = matone 28 kwa dakika

Basi. Wodini utashika saa yako karibu na chemba, kile kichupa cha seti yanamodondokea matone, uhesabu matone kwa sekunde 15. Awamu ya kwanza unataka 15, ya pili unataka 7. Yakizidi unabana kidogo, yakipungua unalegeza, unahesabu tena. Na mtoto humwachi. Unamkagua kila baada ya dakika 15 mpaka 30, kwa sababu hesabu ni mahali pa kuanzia tu. Mtoto mwenye utapiamlo mkali ana utaratibu wake mwingine, huyo usimchanganye hapa.

Namna ya kujizoeza ndiyo nataka uishike zaidi ya yote, na usinijibu kwamba huna muda, maana muda wa kukesha unao. Siku ya kwanza usitatue swali lolote. Chukua hili nililolitatua, lisome mstari kwa mstari, na kila mstari useme kwa sauti kwa nini upo. Ukifika kwenye 300 na ukashindwa kusema imetoka wapi, hapo ndipo ugonjwa ulipo, simama hapo. Halafu chukua mtoto wa miezi 9, kilo 7, jiandikie hatua tatu za kwanza kwa kunakili mfumo uleule, na umalizie ya nne tu peke yako. Utapata 70 na 33. Kesho yake mtoto mwingine, hatua mbili za mwisho ziwe zako. Unarudi nyuma hivyo mpaka ukurasa wote ni wako. Unaanza na kumiliki hatua za mwisho kwa sababu kila mara unaliona jibu limekamilika na unajua hatua za juu zinafanya kazi gani.

Watoto wachanga wakishakukaa ndipo ulete wa mwaka mmoja na zaidi, ambao muda wao ni nusu saa kisha saa 2 na nusu. Usiwachanganye tangu siku ya kwanza. Najua wewe ni mtu wa haraka, ulirithi kwa baba yako, na haraka hiyo imekufikisha mbali. Shuleni walikusifu nayo na mimi niliifurahia. Hapa itakuumiza.

Utajuaje umekosea kwa yule mtoto wa kilo 6? Ukipata 1680, hukugeuza saa kuwa dakika, na hakuna chemba duniani inayotoa matone hayo. Ukipata 84, umetumia seti ya matone 60, ile ndogo. Makosa hayo yanajitangaza yenyewe. Linaloniogopesha ni 33. Hilo linatokea pale mtu anapochoka, akajumlisha 180 na 420, akapata 600, akagawa kwa saa 6. Namba inakuja yenye sura nzuri kabisa, lakini mtoto aliyekauka atapata mililita 100 saa ile ya kwanza badala ya 180, na saa ya kwanza ndiyo inayomwokoa. Akili ikizidiwa hufanya hivyo, huunganisha awamu mbili ili ibaki na kitu kimoja cha kubeba. Kwa hiyo ukijikuta unasoma swali mara ya tatu, au umeandika namba bila kipimo chake, acha kuendelea. Rudi hatua ya umri. Usiongeze bidii juu ya kichwa kilichojaa.

Wenzako watakupa njia ya mkato, kwamba chukua mililita kwa saa ugawe kwa 3. Ni kweli, 84 kwa saa ukigawa kwa 3 ni 28. Inafanya kazi kwa sababu 60 ukigawa kwa 20 ni 3, na kwa seti ya matone 20 tu. Ukishika seti ya matone 15 inakudanganya. Itumie baadaye, ukishaweza kunieleza hiyo 3 imetoka wapi. Kabla ya kufunga dripu soma pakiti ya seti, idadi ya matone imeandikwa pale.

Na ukifika mahali unaandika kurasa nzima bila kuangalia mfano, weka mifano kando. Mwaka 2003 Slava Kalyuga na wenzake walieleza jinsi msaada unaomfaa anayeanza unavyokuja kumzuia aliyekwisha jua, kwa kuwa anasoma maelezo asiyoyahitaji. Wakati huo ndipo uchukue yale maswali ya miaka iliyopita, uyachanganye. Si kabla. Na si usiku kucha, Upendo, nakuomba tena. Ukichoka ile 33 inakuja yenyewe.

Ada ya mtihani baba yako ataituma Ijumaa, baada ya kuuza ndizi. Bei ya mwezi huu si mbaya, ila mvua imeangusha mikungu upande wa mfereji na tumeweka miti ya kuegemeza. Ng'ombe amezaa ndama jike. Baba mdogo wako anauliza kama utakuja Krismasi, kwa sababu wanataka kubatiza mtoto na amekutaja uwe mama wa ubatizo. Sijamjibu, mpigie mwenyewe.

Shuka ulizoziacha nimezifua, nitampa mtoto wa jirani anayepanda basi wiki ijayo. Nitaweka na daftari jipya la mistari mikubwa pamoja na kadi mbili za kufunikia swali. Ukimaliza mtoto wa kilo 7, nipigie unisomee hatua zote nne, mimi nitakuwa na karatasi yangu huku.

Mama yako