Malalamiko: linki zenu hazifuati brauza niliyoichagua mimi

Kwa kitengo cha huduma kwa wateja,

Asalaam aleikum. Mimi nina nyumba ya wageni ya vyumba vinne hapa Langoni, Lamu, na buking zangu napata kupitia mfumo wenu. Brauza yangu ni Firefox, simu na laptopu, paswedi zangu zote ziko humo. Sasa wiki ya tatu hii linki zenu hazifunguki humo, na kila nikiwaandikia mnaniambia nirekebishe setingi.

Setingi nisharekebisha jamani. Kwenye simu yangu ya Android nimeingia Settings > Apps > Default apps > Browser app nikachagua Firefox. Kwenye laptopu ya Windows 11 nikaenda Settings > Apps > Default apps, nikaitafuta Firefox, nikabonyeza Set default. Halafu nikajaribu, nikashika kitufe cha Windows pamoja na R, nikaandika anwani ya saiti yenu kuanzia https, Firefox ikafunguka papo hapo. Kwa hivyo kompyuta yangu haina makosa.

Makosa yako kwenye ile ikoni programu yenu iliyoweka deskitopu. Nimeibonyeza kulia kwa mausi, nikafungua Properties, na pale kwenye Target, kabla ya anwani yenu, pameandikwa hivi:

```
"C:\Program Files (x86)\Microsoft\Edge\Application\msedge.exe"
```

Yaani ikoni inaiita Edge kwa jina lake, hata nibadilishe setingi mara mia haitasikia. Nimeifuta nikatengeneza nyingine, New > Shortcut, nikaweka anwani ya https peke yake, na sasa inafungua Firefox vizuri. Lakini kwa nini nifanye mimi kazi hiyo, na wenye nyumba wenzangu kule Shela ambao hawajui hata Target ni nini wafanyeje?

Kwenye simu ndiyo balaa zaidi, na huko siwezi kujisaidia. Nikibonyeza linki ndani ya apu yenu inafunguka kwenye kidirisha cha apu yenyewe, na kidirisha hicho hakioni kuki za Firefox, kwa hivyo kinanitaka niingie upya. Linki ile ile nikijitumia kwa SMS nikaibonyeza kutoka huko, inafunguka Firefox na tayari nishaingia. Ijumaa iliyopita mgeni ameshuka kwenye boti kutoka uwanja wa Manda, mimi niko gatini nataka kuthibitisha chumba chake, kidirisha kinadai paswedi. Amesimama juani na mabegi yake dakika ishirini, mtoto amemlalia begani. Niliona haya sana.

Nataka mtengeneze ikoni isiyotaja brauza yoyote, na apu iikabidhi linki kwa simu ili simu ifungue brauza aliyoichagua mwenyewe. Nijibuni kwa maandishi, na tafadhali msinirudishie tena yale maelezo ya setingi.

Mteja wenu,
Langoni, Lamu