Mhuri wa nyama hausemi kama nyama ni ya leo

Ndugu Mhariri,

Nimekagua nyama machinjioni mpaka nikastaafu, na hadi leo nikiwa bucha namsikia mteja akiuliza, "Hii ina mhuri?" Akionyeshwa wino pajani, analipa na kuondoka, akiamini nyama ni ya asubuhi hiyo. Mhuri hausemi hivyo. Mhuri unahusu ugonjwa tu.

Mkaguzi humtazama ng'ombe akiwa hai, kisha akishachinjwa hupasua viungo vyake. Tezi za kichwa na mapafu hupasuliwa kutafuta kifua kikuu. Mirija ya nyongo ndani ya ini, kutafuta minyoo bapa. Misuli ya taya, ulimi na moyo hukatwa kutafuta mabuu ya tegu, vijifuko vyenye maji visivyozidi njegere ndogo. Tunaanzia hapo kwa sababu mabuu husafiri na damu, na misuli isiyopumzika ndiyo ipatayo damu nyingi. Ini likiwa na minyoo hutupwa, lakini nyama ya ng'ombe yuleyule inaweza kupita na kupigwa mhuri kihalali kabisa.

Wenzangu hawatapenda nikisema, lakini ng'ombe mwenye mabuu machache anaweza kutuponyoka, maana hatuwezi kumkata nyama yote vipande vipande. Mabaki ya dawa za antibayotiki nayo jicho haliyaoni. Kwa kuhofia mabuu hayo, mishikaki yenye wekundu ndani mimi siili, hata ya nyama yenye mhuri.

Sasa bucha. Mhuri hupigwa nje ya nyama, sehemu chache tu, na kufika mchana kilichobaki kwenye ndoano mara nyingi hakina alama. Nenda paja likiwa bado zima, na maandishi ya mhuri yasomeke, lisiwe doa la wino tu. Kisha mwambie muuzaji akukatie karibu na mfupa, unuse hapo. Paja huanza kuoza ndani huku nje bado linapendeza. Ukiligusa likanata au likateleza, acha.

Rangi peke yake hudanganya. Ng'ombe aliyechoshwa na safari hutoa nyama nyeusi ingawa ni mzima. Nyamafu utaitambua zaidi kwa mishipa iliyojaa damu, kwa kuwa mnyama aliyekufa mwenyewe havuji damu ipasavyo. Na nyama inayobaki nyekundu ya kung'aa kutwa nzima kwenye joto, bila hata nzi mmoja, itilie shaka: mwaka 2019 huko Kenya zilivuma habari za wauzaji kuitia kemikali ya sodiamu metabaisalfaiti.

Ningeomba halmashauri ziwaagize wenye bucha waanze kukata upande usio na mhuri, kipande chenye alama kiuzwe mwisho. Wino wake ni wa kulika, hauna sababu ya kuwahi kukatwa na kutupwa.

Mkaguzi mstaafu wa nyama,
Morogoro