Boksi la plastiki likibonyea, tatizo lilianzia kwenye mchoro

Mteja wetu mmoja anatengeneza vidhibiti chaji vya sola. Boksi la kwanza alilichora mwenyewe, akalitoa kwa printa ya 3D, bodi ya umeme ikakaa sawasawa na skrubu zikashika. Biashara ilipochangamka, printa ikawa haimtoshi, ndipo akatuletea faili tumchongee moldi ya chuma ya mashine ya injeksheni. Boksi lilikuwa na urefu wa milimita 140, upana 90 na kina 40. Kuta zote zilikuwa na unene wa milimita 4, mbavu za chini nazo milimita 4, pande zimesimama wima kabisa, na nguzo nne za skrubu zimegandamizwa kwenye kona. Kifuniko kilikuwa bapa.

Tulipomwambia kwamba kwa mchoro huo moldi haitamfaa, alituuliza swali ambalo wengi huuliza: "Fundi, mbona printa ililitoa bila shida?"

Printa inapanga plastiki tabaka juu ya tabaka, na kazi ikiisha hakuna chuma cha kulivulia boksi. Kwenye mashine ya injeksheni, plastiki inaingia ikiwa imeyeyuka, inajaza nafasi yote kwa mpigo mmoja, inapoa huku ikisinyaa, kisha lazima itoke kwenye chuma bila kukwaruzika. Kusinyaa na kuvuliwa ndiko kunakoamua boksi lichorwe vipi.

Tuanze na ukuta. Mteja huyu alichagua ABS, plastiki nzuri kwa kifaa cha ndani ya nyumba. Inaingia kwenye moldi ikiwa na joto la takriban digrii 230, moldi yenyewe ikiwa na digrii 60 hivi, na hatuwezi kulitoa boksi mpaka plastiki ishuke hadi kama digrii 90, vinginevyo litapinda likiwa mkononi. Joto la katikati ya ukuta halina njia nyingine ila kusafiri hadi kwenye chuma, na muda wa safari hiyo unakua kwa mraba wa unene. Ukuta wa milimita 4 unahitaji kama sekunde 38 za kupoa. Wa milimita 2.2 unahitaji kama sekunde 11. Mashine unailipia kwa saa, kwa hiyo hesabu ya bei ya boksi moja imeshaanza kuharibika hapo, hata kabla hujapima uzito wa plastiki yenyewe.

Lakini gharama si ubaya pekee. Ukuta mnene huganda nje kwanza, wakati moyo wake bado ni uji. Moyo huo ukija kuganda baadaye unasinyaa na kuvuta ngozi ya nje ndani, na hapo unapata bonde juu ya uso. Ngozi ikiwa imara kiasi cha kutovutika, basi ndani kunabaki uwazi ambao hutauona mpaka boksi lipasuke. Na pale sehemu nene inapopakana na nyembamba, moja inamaliza kusinyaa mapema na nyingine inaendelea, ndipo kifuniko kinapotoka kimepinda na hakilali mezani.

Tulishuka mpaka milimita 2.2 kote. ABS inaruhusu kwenda chini zaidi, hata milimita 1.2, ila kwa boksi la urefu huu plastiki ingeweza kuganda njiani kabla haijafika pembe ya mbali, na ungepata maboksi yenye kona pungufu. Muhimu kuliko namba yenyewe ni unene ubaki uleule kila mahali, pamoja na kwenye kona. Kona iliyochorwa kali kwa ndani na ya mviringo kwa nje, au kinyume chake, inabadilisha unene bila mchoraji kutambua. Sisi tunaweka mviringo wa ndani nusu ya unene na wa nje unene mmoja na nusu, kwa hiyo hapa ni milimita 1.1 ndani na 3.3 nje, na ukuta unazunguka kona bila kunenepa wala kukonda.

Hapo mteja akatikisa kichwa. Sahani ya milimita 2.2 inanesa, na yeye alichagua milimita 4 makusudi ili boksi liwe gumu. Hoja yake ilikuwa ya kweli: ugumu wa sahani bapa dhidi ya kupinda unakua kwa kipeo cha tatu cha unene, kwa hiyo kutoka 4 kwenda 2.2 unapoteza kiasi cha mara sita. Kazi ya mbavu ni kuurudisha ugumu huo bila kuirudisha plastiki yote.

Chukua kipande cha sakafu ya boksi chenye upana wa milimita 20. Kikiwa na unene wa milimita 4, uwezo wake wa kukataa kupinda ukiukokotoa unatoka kama 107, na kina plastiki ya milimita za mraba 80 ukikitazama kwa mkato. Sasa kifanye milimita 2.2, kisha katikati simamisha ubavu mmoja wenye unene wa milimita 1.2 na kimo cha milimita 6. Hesabu ileile inatoa kama 143, na plastiki imeshuka hadi milimita za mraba 51. Kipande kimekuwa kigumu zaidi na kimepungua zaidi ya theluthi moja. Ila ugumu huo unafuata mwelekeo wa ubavu tu. Ndiyo maana sakafu ya boksi hili tuliipa mbavu za kwenda na za kukatiza, kila baada ya milimita 20.

Kwa nini unene wa 1.2 na si 2.2 kama ukuta? Angalia pale ubavu unapoota kutoka sakafuni. Ukichora duara kubwa kabisa linaloweza kuingia kwenye makutano hayo, utaona plastiki ilivyojikusanya. Ubavu ukiwa na unene wa 2.2 sawa na ukuta, duara hilo lina kipenyo cha milimita 2.75, na mahali hapo panahitaji zaidi ya nusu ya muda wa ziada kupoa kuliko ukuta ulio jirani. Ubavu ukiwa 1.2, duara linashuka hadi karibu 2.4 na muda wa ziada unabaki mdogo. Kwa ABS tunakaa kati ya nusu na asilimia 60 ya ukuta. Polipropilini inasinyaa zaidi, kwa hiyo tunashuka hadi nusu au chini yake, hasa kama uso wa nje unang'aa. Kimo hatuvuki mara tatu ya ukuta, kwani ubavu mrefu mwembamba haujai vizuri na unang'ang'ania kwenye chuma. Mguu wa ubavu tunauwekea mviringo wa nusu milimita. Ukiuacha mkali, boksi likianguka ufa unaanzia hapo. Ukiukuza sana, umerudisha lile rundo la plastiki.

Ukitaka kujua kama boksi ulilonalo lina tatizo hili, lishike chini ya taa ya mrija na ulilaze mpaka uone mwanga wa taa umejichora juu ya uso. Mstari wa taa ukivunjika au kupinda mahali palepale kila unapolisogeza, geuza boksi: mara nyingi kwa nyuma utakuta ubavu mnene au nguzo ya skrubu.

Nguzo za mteja huyu zilikuwa na kosa hilohilo, maana zilikuwa zimeungana na kona na kufanya bonge moja. Tulizisogeza mbali kidogo na kuta, tukaziunganisha kwa mbavu nyembamba, na tundu la skrubu tukalishusha hadi karibu na sakafu ili chini ya nguzo pasibaki plastiki iliyojaa.

Mteremko wa kuta ndio ulioleta ubishi mrefu. Boksi likisinyaa linaibana sehemu ya moldi iliyo ndani yake. Kuta zikiwa wima, uso wote unasuguana na chuma tangu mwanzo wa kuvuliwa hadi mwisho. Zikilala kidogo, boksi likisogea kidogo tu limeshaachana na chuma pande zote, kama ndoo zilizopandana zinavyotengana. Boksi lisilo na mteremko unalitambua kwa mikwaruzo iliyonyooka kufuata njia ya kutokea, na kwa alama nyeupe pale pini za moldi zilipolisukuma nje kwa nguvu.

Kwa ukuta laini tunataka angalau digrii 1 kwa kila upande, ndani na nje kwa pembe ileile ili unene usibadilike. Mteja alitaka uso wenye mchoro wa ngozi, wenye kina cha kama milimita 0.03. Mchoro ni mabonde madogo, na kila bonde linashika plastiki inapotoka. Kanuni tunayotumia ni kuongeza digrii 1.5 kwa kila milimita 0.025 za kina cha mchoro, kwa hiyo boksi hili lilihitaji karibu digrii 3. Kwa kina cha milimita 40, digrii 3 ni milimita 2.1 kila upande. Mdomo ungekuwa mpana kuliko sakafu kwa zaidi ya milimita 4, na bodi yake, iliyopimwa kwa boksi la wima, isingeingia chini.

Tuliacha wazo la boksi refu na kifuniko bapa. Kiungo tulikihamishia karibu na katikati: sehemu ya chini ina kina cha milimita 22, ni laini na ina digrii 1.5, na ya juu ina milimita 18, mchoro wa ngozi na digrii 3. Zote mbili ni pana zaidi zinapokutana, kwa hiyo zinalingana. Sehemu ya chini inapoteza milimita 0.6 kila upande na ya juu chini kidogo ya milimita 1. Bodi ikaingia. Kiungo kinaonekana, hilo hatukulificha, ila tulichora mfereji mdogo kukizunguka ili tofauti ndogo kati ya vipande isivute macho.

Ukituletea kazi ya namna hii, tuma faili la STEP pamoja na maelezo ya mambo manne: aina ya plastiki, idadi ya maboksi unayotarajia, uso upi utaonekana na mteja wako, na mchoro upi unautaka juu yake. Usichonge moldi kwanza ukitegemea kurekebisha baadaye. Chuma kinapunguzwa kwa urahisi, lakini kukiongeza ni kuchomelea, na alama ya kuchomelea huweza kubaki usoni. Ndiyo maana mbavu tunazichonga zikiwa nyembamba kwanza. Majaribio yakionyesha sakafu bado inanesa, tunazipanua kwenye moldi ileile. Zikiwa nene tangu mwanzo, hatuna pa kurudi.