Kereshme ya mfalme na niyazi ya mchochea moto

Sahibu yangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Barua yako imenifikia salama, pamoja na kurasa nne za tafsiri yako ya Kiingereza ya Sawanih, kitabu cha Kiajemi cha Ahmad Ghazali juu ya ishki, yaani mapenzi makali, nami nimezisoma mara mbili kabla ya kushika kalamu. Umeniuliza ni neno gani la Kiingereza litafaa kwa kereshme, yaani jinsi uzuri unavyojionyesha, na lipi kwa niyazi, yaani uhitaji wa anayependa. Nitakujibu, ila niwie radhi nikianza na jambo ambalo hukuliuliza, kwa kuwa ndilo linaloziharibu kurasa hizo: ile herufi kubwa unayomwanzishia mpendwa, na kila kiwakilishi kinachomrejelea.

Unakumbuka sharti la Ahmad Ghazali katika dibaji. Bwana huyu, mdogo wake mwanachuoni mashuhuri Abu Hamid Ghazali, aliyefariki Kazwini mwaka 1126, aliombwa na rafiki yake amwandikie juu ya ishki. Alikubali kuandika sura fupi fupi kwa sharti kwamba maneno yake yasielekezwe kwa Muumba wala kwa kiumbe. Lugha yake ilimsaidia kulitimiza sharti hilo. Kiwakilishi cha Kiajemi, u, hakisemi kama anayetajwa ni mwanamume au mwanamke, na maandishi yake hayana herufi kubwa wala ndogo. Sisi tuliolelewa na neno "yeye" hatuoni ajabu yoyote hapo. Kiingereza kinamlazimisha mwandishi aamue kwanza kama ni mume, mke au kitu, kisha aamue kama ni Mungu au mtu, na kila uamuzi unalivunja sharti la mwenye kitabu kabla msomaji hajamaliza mstari.

Kosa hilo nimelifanya mimi mwenyewe. Mwaka wa kwanza niliposomesha kitabu hiki kwa Kiingereza, nilimpa mpendwa herufi kubwa toka mwanzo hadi mwisho, nikidhani ninatimiza adabu. Tulipofika kwenye kisa cha mfalme, kijana mmoja aliyekaa nyuma akaniuliza kwa upole, "Kwa hiyo Mungu anamhitaji mchochea moto?" Sikuwa na jibu, maana herufi yangu ndiyo iliyosema hivyo.

Nikukumbushe kisa chenyewe, kwa sababu maneno yako yote mawili yanakaa ndani yake. Mchochea moto wa hamamu alimpenda mfalme. Waziri alipompasha mfalme habari, mfalme akataka kumwadhibu. Waziri akamzuia kwa hoja kwamba mfalme anajulikana kwa uadilifu, na haifai kumwadhibu mtu kwa jambo lisilo katika hiari yake. Ikawa njia ya mfalme inapita kwenye hamamu lile, na kila siku yule maskini hukaa kando ya njia akisubiri, na mfalme afikapo hapo huiongeza kereshme ya kupendwa juu ya kereshme ya uzuri wake. Siku moja akapita akiwa amekwisha kujipamba kwa kereshme hiyo, na mchochea moto hayupo. Kereshme ikabaki uchi, haina wa kuipokea, na uso wa mfalme ukabadilika. Waziri, aliyekuwa mwerevu, akaliona hilo, akasema: tulisema kumwadhibu hakuna maana kwa kuwa hana madhara, sasa tumejua kwamba niyazi yake inahitajika.

Tazama sasa ulivyoandika. Kwa kereshme umetumia lile neno ambalo Waingereza walilichukua kwa Wafaransa, la msichana anayejirembua ili atazamwe. Kwa nusu ya pili ya kisa linakaribia, ila kwa nusu ya kwanza ni kosa, kwa sababu Ghazali anatenganisha kereshme mbili. Kereshme ya uzuri haimwangalii mtu; ni kama kilua kinavyonukia usiku hata kama uchochoro mzima umelala. Kereshme ya kupendwa, pamoja na nazi (samahani, nikiliandika neno hilo kwa tahajia yetu linageuka tunda la mnazi), yaani madaha na kudeka kwa anayejua kwamba anapendwa, haisimami bila jicho la yule anayependa. Neno lako la Kiingereza linameza zote mbili na kuongeza harufu ya ulaghai ambayo mfalme hana. Mfalme hamdanganyi mtu. Anapita tu, na anajua nani amekaa pale.

Kwa niyazi umechagua neno la kuomba dua. Naelewa kilichokuvuta, kwa kuwa kuna unyenyekevu ndani yake. Hata hivyo mchochea moto haombi kitu. Hasemi neno hata moja katika kisa kizima. Anakaa tu njiani. Niyazi yake ni hali ya kuwa mhitaji, na hapa mimi ningependelea lile neno la kawaida kabisa la Kiingereza la uhitaji, ingawa ni kavu na linanuka karatasi za ustawi wa jamii. Sababu yangu ni kauli ya waziri. Kwa Kiajemi maneno yake hayatoki katika mzizi mmoja, lakini maana zinagongana: uhitaji wa mtu wa chini kabisa ndio unaohitajika na asiyepungukiwa na kitu. Kwa neno la dua mgongano huo hausikiki, na waziri anaonekana kama anamsifu mcha Mungu.

Lakini usitegemee visawe peke yake. Acha kereshme na niyazi kwa Kiajemi ndani ya matini, kisha zifafanue kwa tukio, chini ya ukurasa, mara ya kwanza zinapotokea. Mimi siku hizi naandika hivi, na wewe utageuza: "Kereshme: jinsi uzuri unavyojionyesha. Ya kwanza hujionyesha bila kujali nani anatazama. Ya pili hubaki uchi asipokuwepo wa kutazama. Niyazi: ndicho anacholeta anayetazama." Msomaji akifika kwenye uso wa mfalme uliobadilika atakuwa tayari na anachokihitaji.

Kuhusu herufi, iweke kubwa mahali pamoja tu, kwenye aya inayofungua sura ya kwanza, ya 54 ya Suratul Maida, "anawapenda nao wanampenda", kwani pale anayesema na anayesemwa wanajulikana. Angalia pia kwamba aya inatumia neno la mahaba, ilhali Ghazali anaendelea na ishki, na Kiingereza kina kitenzi kimoja tu kwa yote mawili. Hapo pia iache ishki ilivyo. Kwingineko andika mpendwa kwa herufi ndogo na ulirudie jina lenyewe badala ya kiwakilishi, hata kama sentensi itakuwa nzito. Kile kiwakilishi cha wingi ambacho vijana wanakitumia kwa mtu mmoja nimekijaribu nikakiacha, kwa kuwa katika kitabu kinachozungumzia wawili wanaotaka kuwa mmoja, wingi unaleta wageni wasioalikwa. Na sharti la Muumba na kiumbe liweke katika utangulizi wako, mapema, ili asije mtu akadhani kwamba herufi ndogo imemgeuza mpendwa kuwa binadamu tu.

Nimekurudishia kurasa zako nikiwa nimetia alama kwa penseli. Ukurasa wa tatu sikuugusa. Pale ulipoandika kwamba kereshme "ilibaki uchi" umefanya vizuri kuliko mimi nilivyowahi.

Nisalimie wote nyumbani.

Nduguyo akupendaye