Zuhura, usifunge mzigo wa Hamburg kwanza

Tanga, Jumanne usiku

Shoga yangu Zuhura,

Assalamu alaykum. Hawajambo nyumbani? Mguu wa Mama unaendeleaje? Sisi huku wazima, ila joto halijatuacha. Nisamehe kwa kimya changu tangu arusi ya kwa Mwalimu Hamisi. Leo nimekaa chini niandike kwa sababu ya ile picha uliyonitumia jana, na nataka barua hii ikufikie kabla hujaenda kwa wakala siku ya Ijumaa.

Makapu ni mazuri. Ukili umesukwa sawasawa, mshono haupandi wala haushuki, na kile kifuniko kimekaa vizuri mno. Huyo mnunuzi wa Hamburg ana jicho. Lakini nimeona kwenye picha kwamba umeyapanga yakiwa yamesimama, kila moja na boksi lake, na moyo umenishtuka. Zuhura, ukiyapeleka hivyo, nauli itakula kazi yote ya kina Bi Tatu.

Nikueleze kinachotokea. Wasafirishaji wa ndege hawaangalii mizani tu. Wanapima boksi urefu, upana na kimo kwa sentimita, wanazidisha, kisha wengi wao wanagawa kwa 5,000. Jibu ndilo wanaloliita uzito wa ujazo, na likizidi uzito wa mizani unalipia hilo. Kapu lako, kwa vipimo ulivyoniandikia, linahitaji boksi la 45 kwa 45 kwa 50. Zidisha, unapata 101,250. Gawa kwa 5,000, unapata kilo 20 na robo. Kapu lenyewe kwenye mizani halifiki kilo moja na nusu! Sita yanakuwa kilo 121 na nusu, na karibu zote ni hewa iliyomo ndani ya kapu.

Sasa sikia. Kapu la ukili si kama kikapu kigumu cha kusukwa kwa vijiti. Ukili ni kama kitambaa, unalazika. Unalilaza kapu ubavu, chini yake unakunjia ndani kama mfuko wa kaki, linabaki bapa la unene wa vidole viwili au vitatu. Vifuniko unavitoa na kuvilaza juu. Nilishajaribu kwa makapu mawili ya ukubwa huohuo yaliyoko hapa kwangu, na kwa hesabu yangu sita na vifuniko vyake yanaingia boksi moja la 70 kwa 50 kwa 30. Hiyo ni kilo 21. Yaani makapu sita yaliyolazwa yanalipiwa karibu sawa na moja lililosimama. Nilirudia hesabu mara tatu kwa sababu nami sikuamini.

Ila kulaza kuna ufundi wake, na hapa ndipo nilipoumia mwaka jana, nadhani sikukuhadithia yote. Chane kavu ukizikunja zinakatika, hasa pale chini kwenye duara. Mimi nikayalowesha makapu yote manne, nikayakunja, kesho yake nikayatia kwenye nailoni na kuyafunga. Ilikuwa katikati ya masika. Wiki tatu njiani. Mnunuzi akanitumia picha: madoa meusi ya ukungu kila mahali, na harufu, kasema, ilijaa chumba. Nikamrudishia pesa zote, na nilikuwa nimeshawalipa wasukaji. Sitaki yakukute.

Kwa hiyo usiloweshe kapu zima. Chukua kitambaa chenye unyevu, pangusa pale tu panapokunjwa, subiri chane zilegee, ndipo ukunje polepole. Weka ubao juu yake na kitu kizito, uliache kivulini penye upepo siku mbili au tatu, likauke likiwa limekunjwa. Jua kali linapausha rangi, kwa hiyo kivulini. Kisha lipime kwa mizani ya jikoni asubuhi, na kesho yake asubuhi ulipime tena. Likipungua hata gramu kumi, bado linatoa maji, lisubiri. Namba ikisimama, fanya jaribio la mwisho: lifunge kwenye mfuko wa nailoni angavu uuweke juani mchana mmoja. Ukiona matone ndani ya mfuko, halijakauka hata kama mkono unakwambia limekauka. Baada ya hapo nailoni haina kazi tena. Funga kwa karatasi za kaki na boksi, lipumue.

Na ile zambarau, Zuhura. Ni rangi nzuri lakini siiamini. Kapu likikunjwa, upande wa rangi unagusana na chane nyeupe, na unyevu kidogo tu utahamisha rangi. Sugua kwa kitambaa cheupe kilicholoweshwa. Kikitoka na rangi, mwambie Bi Tatu chane za mara hii hazikusuuzwa vya kutosha baada ya kuchemshwa. Hayo ya zambarau yabakishe, peleka ya nyekundu na nyeusi kama yanafaulu. Najua atanuna. Mwambie ni mimi niliyesema.

Jambo la kodi nalo limo humohumo kwenye nauli. Tangu tarehe 1 Julai 2021 Umoja wa Ulaya unatoza kodi ya ongezeko la thamani hata kwa kifurushi kidogo kabisa, na Ujerumani ni asilimia 19. Inahesabiwa juu ya bei ya bidhaa pamoja na nauli. Tuseme makapu ni yuro 120 na nauli yuro 180: kodi inakatwa juu ya 300, ni yuro 57. Sasa fikiri nauli ingekuwa ya kilo 121! Kwa kuwa mmeuziana wenyewe kwa ujumbe, mnunuzi ndiye atakayedaiwa mlangoni kwake. Mwambie sasa, kwa maandishi, kabla mzigo haujaondoka, maana mtu akishtukizwa na deni hukataa mzigo, na ukirudi unarudi kwa gharama yako. Kwenye fomu ya forodha andika bei ya kweli na uandike ni makapu ya kusukwa kwa majani ya mkindu, namba ya bidhaa 4602. Usiandike zawadi, hata wakala akikushauri.

Halafu tia kikaratasi ndani ya boksi kumweleza afanye nini: anyunyizie maji kidogo pale penye mikunjo, alijaze kapu taulo au nguo mpaka lirudie umbo, aliache likauke siku nzima. Lile la kwangu la kujaribia lilisimama tena, mkunjo wa chini ukabaki kwa mbali sana. Hilo nalo mwambie mapema, na mpelekee picha yake, asije akadhani ni kasoro.

Nimeandika sana na taa inataka kuzimika. Nijibu haya: vifuniko vimeshonewa moja kwa moja au vinatoka? Chini ya kapu ni ukili mmoja au mmetia mbili? Kama ni mbili, kukunja kutakuwa kazi, na hesabu yangu ibadilike. Wakala wako anagawa kwa 5,000 au kwa namba nyingine? Umeuliza posta wanapimaje kifurushi cha namna hii? Mnunuzi ana haraka kiasi gani, anaweza kungoja wiki moja ya kukausha? Na je, yale ya Mama Fadhili yamo kwenye hizo sita au ameuza kwingine?

Nakuja Pangani Jumamosi kwa basi la asubuhi, nikija na mizani yangu. Usikunje hata moja mpaka nifike.

Wako,
Rehema