Barua ya wazi kwa Spika wa Bunge la Taifa: wasiokuja kikaoni wanampigia Rais kura

Mheshimiwa Spika,

Nimefundisha historia na serikali kwa miaka mingi, na kila mara swali la kura ya turufu hunirudia vilevile. Wanafunzi huanza na Umoja wa Mataifa, ambako mmoja tu kati ya Marekani, Urusi, Uchina, Uingereza na Ufaransa akisema hapana, azimio la Baraza la Usalama limekufa. Kisha huuliza: je, Rais wetu naye anayo kura hiyo?

Huwajibu kwamba hapigi kura yoyote. Kifungu cha 115 cha Katiba kinampa siku 14 atie saini mswada, au aurudishe bungeni pamoja na waraka unaoeleza asichoridhika nacho. Hawezi kuukalia kimya, maana siku hizo zikipita mswada unahesabiwa umetiwa saini. Gavana naye ana mamlaka ya namna hiyo juu ya miswada ya kaunti yake.

Hadi hapo mambo yanaonekana mepesi. Ugumu uko kwenye hesabu inayofuata, na ndiyo iliyonifanya nikuandikie.

Mwaka 2018 ushuru wa VAT wa asilimia 16 ulianza kutozwa mafuta ya petroli tarehe 1 Septemba. Siku chache kabla ya hapo wabunge walikuwa wameshapitisha Mswada wa Fedha wenye kipengele cha kuuahirisha kwa miaka miwili. Rais Uhuru Kenyatta akakataa kuutia saini. Lakini hakusema "sitaki" akaishia hapo, bali aliandika pendekezo lake mwenyewe: asilimia 8. Wabunge walitaka mafuta yasitozwe kabisa kwa miaka miwili, Hazina ilitaka 16, na sasa mezani kulikuwa na tarakimu ya tatu ambayo Bunge halikuwa limeipitisha.

Kukubali pendekezo la Rais kunahitaji wingi wa kawaida tu wa waliopiga kura. Kushikilia msimamo wa Bunge, au hata kuurekebisha mswada kwa namna isiyomridhisha Rais kikamilifu, kunahitaji thuluthi mbili ya wabunge wote. Wabunge ni 349, kwa hiyo zinatakiwa kura 233. Mswada ukiwa unahusu pia Seneti, hapo huhitajika thuluthi mbili ya ujumbe wa kaunti, yaani 32 kati ya 47.

Neno zito hapo ni "wote". Mbunge aliyelazwa hospitalini, aliye safarini, au aliyejibanza kantini kengele ikilia, anahesabika pamoja na waliosema hapana. Wakikosekana 117 tu kwa sababu yoyote ile, Rais ameshinda bila mtu kusimama kumtetea. Kikao maalumu cha Septemba 20 kiligeuka kelele na vurugu, wabunge wakizozana kuhusu nani ameshinda kwa sauti, na asilimia 8 ikapita. Kesho yake mswada ukatiwa saini. Hadi leo jirani yangu anayeuza mafuta ya taa hana njia ya kujua mbunge wake alikuwa upande gani siku ile.

(Hesabu hiyo hukata kote kote. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipita Juni 25 kwa kura 195 dhidi ya 106. Kesho yake Rais Ruto aliukataa akitaka vifungu vyote vifutwe. Hata wale 195 wangeng'ang'ana nao, wasingefika 233.)

Simwonei Rais. Pengine tuna nafuu kuliko majirani zetu wa Tanzania, ambako Bunge likiupitisha tena mswada kwa thuluthi mbili, Rais ana siku 21 za kuukubali, la sivyo inambidi alivunje Bunge lenyewe. Kwetu, zikipatikana 233, ana siku saba tu, na asipotia saini mswada unakuwa sheria.

Ninachokuomba kiko ndani ya uwezo wako. Kila mswada uliorudishwa utakapofikishwa ukumbini, soma wazi kabla ya mjadala ni kiwango gani cha kura kinahitajika kwa kila kifungu ambacho Rais amekigusa. Kisha kura za sauti zisitumike hata kidogo kwa miswada hiyo. Majina yaitwe, na orodha ichapishwe siku hiyohiyo ikiwa na safu tatu: waliounga mkono, waliopinga, na wasiokuwepo. Safu ya tatu ndiyo ninayoitaka zaidi.

Wako mtiifu,

Mwalimu mstaafu, Nakuru