Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Mikutano minne ya kamati imefanyika, hesabu zimekaguliwa, na maduka yetu yote mawili yamefanya kazi mwaka mzima. Hayo mnayajua, sitayarudia.

Ninalotaka kulieleza kwa kirefu ni uamuzi wa kupeleka milioni 10 za upanuzi Duka la Pili badala ya Duka la Kwanza. Nimelaumiwa sana, hata kuambiwa napendelea. Hoja ya wanaolalamika ni kwamba maduka yote yaliuza milioni 120, lakini la Kwanza likapata faida ya uendeshaji ya milioni 12 na la Pili milioni 9.6 tu. Iweje anayeleta kidogo ndiye aongezewe?

Jibu langu ni kwamba faida haisemi kitu mpaka tujue imezaliwa na mtaji kiasi gani. Mtaji uliotumika ni mali yote ya duka ukitoa madeni ya muda mfupi, hasa tunayodaiwa na wauzaji wa jumla. Duka la Kwanza limeshikilia milioni 80, la Pili milioni 40. Kwa hiyo la Kwanza linarudisha asilimia 15 ya mtaji wake kwa mwaka, na la Pili asilimia 24.

Tofauti hiyo inatokana na mambo mawili yanayozidishana: faida katika kila mia ya mauzo, na mara ngapi mtaji umezunguka kuwa mauzo. La Kwanza lilibakiza 10 katika kila mia, mtaji ukazunguka mara moja na nusu. La Pili lilibakiza 8, lakini mtaji ulizunguka mara tatu.

Baadhi yenu mlisema ulinganisho huu si wa haki, kwa kuwa la Kwanza limo katika jengo letu na la Pili linalipa kodi ya pango. Ni hoja nzuri, na niliifanyia kazi mwenyewe usiku mbili pamoja na mweka hazina. Tulilitoa jengo, lenye thamani ya milioni 20 vitabuni, kisha tukalitoza Duka la Kwanza pango la milioni 3, sawa na analolipa mwenzake. Faida ikashuka hadi milioni 9, mtaji ukawa milioni 60, na marejesho yakabaki asilimia 15 ileile. Ila faida katika kila mia ilianguka kutoka 10 hadi 7.5, chini ya Duka la Pili! Sifa yote ya la Kwanza ilikuwa ni pango lisilolipwa.

Basi tatizo liko wapi? Liko stoo. Kabla ya kutoa gharama za uendeshaji, Duka la Kwanza huweka faida ghafi ya 30 katika kila mia ya mauzo, la Pili 25, kwa hiyo la Kwanza linauza kwa bei nzuri zaidi. Lakini lina bidhaa za milioni 35, ambazo ni miezi mitano ya mauzo yake kwa bei ya kununulia. La Pili lina milioni 15, miezi miwili tu. Tulipoingia stoo ya la Kwanza, katoni za nyuma zilikuwa na tarehe ya kupokelewa ya mwaka juzi, imeandikwa kwa kalamu, na vumbi limeigandia gundi. Zimekula fedha, nafasi na mishahara ya wanaozihamisha kila wiki. Bidhaa hizo zikipunguzwa hadi miezi mitatu, milioni 14 zitarudi mkononi, na faida ileile ya 12 itakuwa asilimia 18 ya mtaji. Kuliongezea fedha duka hilo leo ni kuongeza katoni.

Niliambiwa pia kwamba Duka la Pili lilisafisha rafu siku ya kufunga hesabu ili lionekane jepesi. Ndiyo maana sikutumia salio la siku moja, nilitumia wastani wa mwanzo na mwisho wa mwaka. Nakiri jambo moja: milioni 10 mpya si lazima zilete asilimia 24, kwa sababu hiyo ni hesabu ya mtaji uliopo, na wateja wa ziada lazima watafutwe. Uamuzi huu ni wangu, nami nitaujibia.

Kinachoniuma ni kwamba siku tuliyoyajadili haya, wanachama 19 kati ya 64 ndio waliofika, na waliolalamika kwa sauti kubwa zaidi hawakuwamo. Wanachama 27 hawajalipa ada ya mwaka.

Mwakani tunatarajia kupunguza bidhaa za Duka la Kwanza kadiri hali itakavyoruhusu. Meneja wake ameshapewa orodha ya katoni, na ninaomba kila mwanachama apite stoo azione.

Mwenyekiti